Kijiji cha Nne kwa Elfu

Siku kijiji chetu kiliposifiwa kwa kuzaa kidogo, mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano na nilikaa mbele kabisa, kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma na mbele ndiko kwenye viti vyenye egemeo. Mtendaji wa kijiji alisimama akiwa na chupa ya chai mpya mkononi, ya maua mekundu, aliyopewa kwenye kikao cha mjini. Akatusomea: kiwango chetu cha uzazi ni nne kwa elfu. Vijiji vingine, thelathini na kitu, arobaini na kitu. Sisi nne. Uzazi wa mpango umetuingia, tupige makofi.

Tulipiga. Bibi mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Nne? Mimi peke yangu nina wakwe watatu wenye matumbo hapa hapa uani."

Watu wakacheka. Mwanamke mwingine akaongezea, "Basi wanaume wetu wamelala, mtendaji. Watafutie dawa."

"Tumbaku inawachosha," mtu akajibu kutoka upande wa wanaume, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mimi pia nilicheka, huku nimeshika tumbo. Kicheko hicho mpaka leo kinanirudia kooni kama mwiba wa samaki.

Kijiji chetu kiko upande wa Kwihara, ukiacha barabara ukafuata njia ya zamani ya misafara. Wageni huja kuiangalia njia hiyo, wanapiga picha vumbi, wanaondoka. Wanasimuliwa idadi ya mizigo iliyopita hapa. Sijasikia hata mmoja akiuliza ni wanawake wangapi walijifungulia njiani. Zamani niliona ni sawa tu, nani angejua. Siku hizi naona ni tabia ya watu wenye madaftari.

Wiki tatu baada ya makofi yale, nesi wetu akahamishwa. Nesi ni yule mkunga wa zahanati. Ndiye aliyemtoa binti yangu wa kwanza, akiwa amenishika mguu kwa mkono mmoja na mwingine anapokea, ananitukana kwa upole: "Sukuma, mvivu wewe, sukuma, karanga unapalilia lakini kusukuma hutaki." Barua ilisema aende kijiji cha jirani, kilomita kumi na mbili kutoka kwetu, kwenye uhitaji mkubwa zaidi. Alikuja kuniaga akiwa na begi lake na sufuria mbili.

"Wewe ukisikia uchungu usisubiri," aliniambia. "Mwite mumeo, mtafute pikipiki, mje. Usisubiri kama ulivyosubiri kwa huyu." Akamgusa binti yangu kichwani.

Sikusubiri. Naapa sikusubiri. Asubuhi uchungu ulipoanza mume wangu alikuwa shambani, akaja mbio na jembe mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, njia ya kwenda kwa nesi ilikuwa matope hadi magotini, kwa hiyo tukaelekea mjini. Mwenye pikipiki alikuwa mtu mzima, anaendesha taratibu, anasema "pole mama, pole mama" kila shimo. Tulifika kwenye ile miti ya miombo iliyobaki kabla ya kufika barabarani, nikamwambia simama. Mwanangu alizaliwa juu ya kitenge changu, mume wangu akimpokea kwa mikono yenye udongo. Alilia. Sauti ndogo, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake, lakini alilia, na mwenye pikipiki alisikia, na mimi nilisikia. Tukafika naye mjini akiwa anapumua kwa kuvuta. Walimchukua, wakafanya waliyoyafanya. Saa tisa alasiri hakuwa anapumua tena.

Daktari alisema angezaliwa mahali penye mtu wa kumsafisha njia ya hewa mara moja, huenda. Hakuongeza neno baada ya "huenda". Nami nimebaki nalo.

Maziwa yalikuja siku ya tatu. Hilo hakuna aliyeniambia. Mwili hausomi habari. Mama mkwe wangu alinifunga kifua kwa kitenge, akakaza, akasema, "Vumilia, mayu, vumilia mama, yatakauka." Mtoto wa jirani akilia mimi nalowa. Nikisikia paka, nalowa. Nilikuwa nakaa kwenye kizingiti nikimtamani mtoto niliyemjua kwa saa sita, na sikujua nimtamani vipi, kwa sababu sikuwa na mengi ya kukumbuka. Uzito wake. Kucha zake, ndefu, zimepauka kama amekuwa akifua nguo humo ndani. Nilirudia hayo mawili siku nzima, kesho yake nikaanza tena.

Arobaini ilipokwisha nilikwenda ofisi ya mtendaji kutaka barua ya kuandikisha kuzaliwa na kufa kwa mwanangu. Mtendaji alikuwa nje anazungumza na mtu wa mbolea. Akaniambia niingie nimsubiri. Nikakaa, nikaangalia ukuta, maana mle ndani hakuna kingine cha kuangalia. Jedwali kubwa la mkono, limeandikwa kwa kalamu nene:

Idadi ya watu: 2,000. Vizazi hai kwa mwaka: 80. Kiwango cha uzazi kwa kila watu elfu: 4.

Bibi alisema wakwe watatu, tukacheka. Sasa nilikuwa mbele ya ukuta na sikuwa na kicheko. Hesabu kidato cha nne nilipata D, na hiyo D niliipigania. Lakini hata D inajua kwamba watu elfu mbili ni elfu mara mbili. Kama kila elfu inazaa wanne, elfu mbili zinazaa wanane. Ukuta huo huo umeandika themanini.

Mtendaji akaingia. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mama. Pole sana na yaliyokukuta."

"Hii nne umeipataje?"

Hakutegemea. Akakaa, akaniangalia, akaangalia ukuta. "Kwa kikokotoo. Themanini, gawanya kwa elfu mbili, halafu unabonyeza ile alama ya asilimia. Inakuja nne. Kwani?"

"Asilimia."

"Ndiyo, asilimia. Mahudhurio ya shule ni asilimia, choo ni asilimia, upandaji miti ni asilimia. Mimi kazi yangu yote ni asilimia."

"Juu ya hiyo safu pameandikwa elfu."

"Mia, elfu, si namba tu hizo? Nne ni nne, mama."

Nilitamani nimtupie ile chupa ya maua, ilikuwa pale juu ya kabati. Nikavuta pumzi. Nikamwambia, "Mtendaji, itisha mkutano. Wamekuja watu mia moja. Kwa mwaka mzima hao mia wamepata watoto wangapi?"

"Wanne."

"Sawa. Sasa itisha mikutano kumi kama huo, kila mmoja watu mia, kila mmoja umekuja na wanne wake. Watu jumla?"

"Elfu."

"Watoto?"

Alihesabu kwa vidole, mtu mzima yule, mpaka kidole cha kumi. "Arobaini," akasema.

"Arobaini kwa elfu. Asilimia nne ni arobaini kwa elfu. Ukitoka mia kwenda elfu unazidisha kwa kumi. Ukirudi elfu kwenda mia unagawa kwa kumi. Wewe hukuzidisha."

"Lakini ile nne yenyewe ni sahihi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika.

"Ni sahihi kwa mia. Uliipeleka kwenye elfu. Themanini uliipeleka nayo?"

Hakuipeleka. Fomu ya mwaka ule ilikuwa mpya, ilitaka vitu viwili tu: idadi ya watu na kiwango. Fomu za zamani zilikuwa za asilimia, mkono wake ukaenda ulikozoea. Kule mjini wakachukua watu elfu mbili na kiwango cha nne kwa elfu, wakapata wajawazito wanane kwa mwaka. Wanane. Kijiji cha jirani kina watu elfu moja na mia tano, kilipeleka thelathini na sita kwa elfu. Hao ni watoto hamsini na wanne. Nesi mmoja, vijiji viwili, hamsini na wanne upande huu, wanane upande ule. Hata mimi ningemhamisha.

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Sikumpata mtu mbaya. Nilimtaka mtu mbaya kwa kiu, wa kumshika shati. Nikapata mzee wa watu na kikokotoo, amesahau sifuri moja, akapewa chupa ya chai.

"Utarekebisha?" nikamuuliza.

"Nitaandika barua."

"Lini?"

"Mama, taratibu. Nikiandika sasa hivi wataniuliza na ile zawadi."

Nikaondoka bila barua ya mwanangu. Nyumbani mume wangu alikuwa anamenya karanga. Nilipomwambia, aliacha kumenya, akasema, "Kwa hiyo nesi aliondolewa kwa kosa."

"Kwa kosa la mara kumi."

"Nenda mjini. Mtoto nitabaki naye mimi."

Nilikwenda na daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Afisa wa takwimu alikuwa kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi, anazungumza Kiswahili cha Dar. Nilimweleza. Akasikiliza huku anaangalia kompyuta, kisha akageuza kioo tuone wote.

"Dada, hapa ni nne. Sisi hatuwezi kubadilisha takwimu kwa maneno."

"Huoni kwamba wenzetu wote wako thelathini na arobaini? Kijiji kimoja kitazaa mara kumi chini ya majirani zake, na hamkushtuka?"

"Tulidhani ni mafanikio."

"Mafanikio ya nani?"

Akaanza kushusha orodha, sasa anaangalia kweli. Katikati akasimama. "Ee, na hiki je?" Kijiji kimoja cha mbali kilikuwa kimeandika mia tatu na themanini kwa elfu.

"Huyo alikuwa na thelathini na nane kwa elfu tayari," nikasema, "akaogopa, akazidisha tena kwa kumi. Huyo ndiye wa kupewa chupa ya chai."

Akacheka mpaka akashika meza. "Kila watu elfu, watoto mia tatu themanini. Asilimia thelathini na nane. Dada, hao ni sungura." Kisha akaniona usoni, akaacha kucheka. "Samahani. Wewe ulikuja kwa nini hasa? Wewe ni mjumbe wa kamati?"

"Mimi ni mama wa mtoto aliyezaliwa porini."

Akaleta kiti akakaa upande wangu wa meza. Akaniambia ukweli: vitabu vya zahanati vipo dawati jingine, havilinganishwi na fomu za vijiji, na hilo ni tatizo lao. Upangaji wa watumishi unapitiwa upya baada ya wiki tano. Kabla ya hapo nimletee orodha ya vizazi hai vyote vya miezi kumi na miwili iliyopita, kaya kwa kaya, na idadi ya watu wa sasa, imegongwa muhuri wa kijiji. Bila muhuri hakuna kitu.

Kwa hiyo nilizunguka. Wiki tatu, nyumba kwa nyumba, kila nyumba yenye mtoto wa chini ya mwaka. Hiyo ndiyo kazi ningeichagua mwisho kuliko zote. Nabisha hodi, nasalimia, mama anatoka na mtoto mgongoni au titini, nauliza amezaliwa mwezi gani, naandika. Wanawake walinijua. Wengine walimficha mtoto kidogo kwa kanga, si kwa ubaya, nadhani waliona aibu kuwa naye mbele yangu. Wengine walinipa nimshike. Mmoja alikuwa na mtoto aliyezaliwa wiki ile ile na wangu. Ameshaanza kutabasamu. Nilimshika nikaangalia tabasamu lile, nikasahau kuandika, ikabidi nirudi kesho yake kuuliza mwezi.

Maziwa yalikuwa yamekauka kufikia hapo. Nilidhani yakikauka na kile kitu kingekauka. Hapana.

Jumla nilipata themanini na mmoja. Watu, kwa daftari la mabalozi wa nyumba kumi, elfu mbili na hamsini. Nikampelekea mtendaji. Kwa haki yake, hakubisha. Alikuwa ameshazidisha kwa kumi mwenyewe, karatasi ilikuwa mezani imejaa mazoezi kama ya mtoto wa darasa la sita. Akapitia majina kaya kwa kaya, akafika ukurasa wa mwisho.

"Themanini na mmoja," akasema, akachukua muhuri.

"Themanini na wawili," nikasema. "Wa kwangu sijamwandika. Nilitaka umwandike wewe."

Aliuweka muhuri chini. "Mama, huyo tutamhesabu kwenye vifo."

"Atahesabiwa kwenye vifo. Kwanza ahesabiwe kwenye vizazi. Alilia. Aliyezaliwa akapumua ni kizazi hai, hata kama ni kwa saa sita. Jedwali lako linasema vizazi hai, halisemi vizazi vilivyofika jioni."

"Lakini yeye mmoja haongezi kitu. Hebu ona." Akachukua kikokotoo, sasa kwa kiburi kidogo cha mwanafunzi aliyefaulu. Themanini na mmoja, gawanya kwa elfu mbili na hamsini, zidisha kwa elfu. Thelathini na tisa nukta tano. "Ukikadiria, arobaini. Naye akiongezwa?" Akabonyeza. "Arobaini kamili. Ni ile ile arobaini."

"Si ile ile. Moja imekadiriwa, nyingine imefika."

Akaniangalia. Nadhani aliniogopa, na nilitaka aniogope. Mwanangu ni karibu nusu kwa elfu. Kwa mia ni sifuri nukta sifuri tano, kitu ambacho mtendaji yeyote angekifuta kwa kidole. Nilishakokotoa hayo yote nyumbani, kwa kalamu, mara nyingi kuliko nilivyohitaji, kwa sababu ilikuwa njia ya kukaa naye. Hakuwa na jina la shule, hakuwa na nguo ila mbili. Alikuwa na nusu kwa elfu.

Mtendaji akaandika mstari wa themanini na mbili kwa mkono wake. Akaandika saa ya kuzaliwa, niliyomtajia. Akagonga muhuri, akagonga tena kwa nguvu kwa sababu wino ulikuwa umefifia. Kisha akaandika ile barua ya kuandikisha, ambayo nilikuwa nimeikosa mara ya kwanza. "Nisamehe, mwanangu," akasema. Sikumjibu. Sijamjibu hadi leo, nikikutana naye nasema shikamoo tu.

Kule mjini afisa aliingiza arobaini nukta sifuri mbele yangu. Nilimwomba asiache hiyo sifuri ya mwisho. Akasema kompyuta inaiweka yenyewe. Kwenye watarajiwa wa kujifungua ile nane ikafutika, ikaja themanini na mbili. Kijiji chetu kikaruka kutoka mkiani mpaka juu kabisa ya orodha hiyo ya watarajiwa.

Nesi wetu hakurudi. Ndugu zetu wa kilomita kumi na mbili nao wanazaa, hamsini na wanne si mchezo, na nisingekubali wamnyang'anywe ili mwanamke wa kule ajifungulie njiani kwa ajili yangu. Tuliletewa mwingine, msichana kutoka Nzega, amemaliza chuo juzi, anaongea Kisukuma na wazee wanampenda kwa hilo. Wanawake walimpokea kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku. Walipiga vigelegele, wakaniita nije mbele, nikakataa. Kuna furaha ambayo mtu akikusukuma ndani yake unaweza kumng'ata.

Nilikwenda kwake siku nyingine, peke yangu, asubuhi. Sikuwa na mimba. Nilitaka tu kukiona chumba. Kitanda kimesafishwa. Juu ya meza kuna mpira ule wa kunyonyea makamasi ya mtoto mchanga, mdogo, unaenea kwenye kiganja. Nikauchukua nikaubonyeza. Ukatoa pumzi.

"Karibu, dada," nesi mpya akasema, akafungua daftari lake jipya ukurasa wa kwanza kwa sababu alidhani nimekuja kuandikishwa. "Umezaa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Walio hai?"

"Mmoja."

Akaandika mbili, akaandika moja. Hakusema pole, alikuwa mgeni na kalamu ilikuwa inamsumbua. Niliangalia zile tarakimu mbili zikikauka. Nilitaka kumwambia kucha za yule wa pili zilikuwa ndefu. Daftari halina safu ya hilo, na nje kulikuwa na mwanamke anaugulia kwa uchungu, mumewe amemshika mkono, wanaingia. Nikauweka mpira mezani mahali pake, nikawapisha mlangoni.